Namna ya Kumtumikia Paka Mzee Baada ya Isha

Kwanza jua nani mkubwa wa nyumba. Mzee mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ana miaka 76. Paka wake, Chausiku, ana 15. Kwa hesabu iliyozoeleka ya madaktari wa mifugo, mwaka wa kwanza wa paka ni sawa na 15 ya binadamu, wa pili huongeza 9, na kila unaofuata huongeza 4. Jumlisha: Chausiku naye ni 76. Hawa ni marika, basi hakuna wa kumwamrisha mwenzake.

Mzee akirudi kutoka msikitini, chini bodaboda wanapiga honi na wachuuzi wanafunga mizigo, na kiti chake kina mtu. Asimwondoe. Avute kingine, tena aweke kigoda mbele ya kile cha Chausiku ili kesho apande bila kuruka. Paka mzee haachi kuruka kwa uvivu. Viungo vinamuuma, ila halii. Utamjua kwa kusita chini ya kiti, na kwa manyoya ya kiunoni yanayoshikamana kwa kuwa hawezi tena kujipinda ajilambe.

Hapa ndipo huruma huua. Jioni moja mzee alimeza panadoli kwa ajili ya goti. Mjukuu akasema, “Babu, na Chausiku mkatie nusu.”

“Thubutu!” mzee akamjibu. “Hiyo kwake ni sumu.”

Alisema kweli. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo kama letu, na hata nusu kidonge chaweza kumuua. Sumu yake huharibu damu ishindwe kubeba hewa: ufizi hugeuka kahawia au samawati, uso huvimba, pumzi hubana. Akishaimeza, mkimbize kwa daktari usiku huohuo. Kwa maumivu ya kila siku, mzee hujaza chupa maji ya moto kiasi, akaizungushia kanga. Nusu ya kwanza ya jioni ni ya goti lake, iliyobaki ni ya Chausiku. Mgao huo haujadiliwi.

Chakula kiwe samaki wa kuchemsha, asiye na chumvi wala kitunguu, miiba imetolewa, na kiwe vuguvugu, maana pua iliyozeeka hainusi kilichopoa.

Bakuli la maji ndilo la kulichunga zaidi. Mzee hulijaza kikombe kimoja kila magharibi. Lilipoanza kukauka kabla ya kulala, sakafu ikalowa mikojo, na Chausiku akakonda ilhali anakula, jirani alishauri apunguziwe maji. Mzee alimpeleka kwa daktari wa mifugo, akaambiwa ni figo. Figo zilizochoka hupitisha maji mengi, na paka hunywa ili kufidia; ukimnyima, anakauka. Sasa nyumba ina mabakuli mawili, na tambara la kudekia hukaa karibu na mlango.