Naomba Msaada Wako

Faili la mama wa miaka 58 ni nene kama tofali. Katika barua ya rufaa kwa daktari bingwa, tabibu wa kituo cha afya amelifupisha hivi: "Mgonjwa wa sukari na presha. Naomba msaada wako." Muhuri umechukua nafasi kubwa kuliko ugonjwa.

Ufupi si kosa. Daktari bingwa mwenye foleni hadi getini hana haja na mafua ya mwaka juzi. Tatizo ni kwamba kilichobaki ndicho ambacho mama mwenyewe angekisema akiwa bado mlangoni.

Ndani ya faili, kreatinini ilikuwa 95 mwezi Januari, 140 Mei, 230 Agosti. Na Machi, katika ukurasa wa peke yake, goti liliuma; akaandikiwa diklofenaki ya miligramu 50, mara tatu kwa siku. Tangu hapo anajinunulia mwenyewe kwenye duka la dawa. Tarehe hizo zikikaa pamoja, dawa ya goti inakuwa mshukiwa wa kwanza.

Basi mstari wa kwanza wa barua ungekuwa swali: "Figo zinadhoofika tangu aanze diklofenaki, nimeisimamisha leo, je, kuna sababu nyingine, na metformini iendelee?" Kisha namba tatu, dawa na dozi zake, kwisha. Nusu ukurasa, na muhuri unapata pa kukaa.

Bila hayo, bingwa atapima mara moja, ataona 230, ataandika "figo zimeharibiwa na kisukari", na kumjibu tabibu kwa ukarimu uleule: "Ameonekana. Aendelee na dawa zake."