Mhusika: Wote

Muhtasari wa kikao cha kwanza cha mradi, ukiusoma harakaharaka, utadhani watu walikubaliana. Mimi ndiye niliyeuandika, kwa hiyo najua. Saccos yetu ya wafanyakazi hapa Morogoro ilikuwa inahama kutoka kwenye kadi za leja na faili la Excel la Mama Mhasibu kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, na nikateuliwa kuwa katibu wa mradi kwa sababu iliyotajwa hadharani: nina mwandiko mzuri. Kwamba muhtasari wenyewe ungechapwa halikumsumbua mtu.

Mwenyekiti alitaka agenda ya pili iwe "Yatokanayo na kikao kilichopita". Dada wa TEHAMA akamkumbusha kwa upole, "Shikamoo Mzee, lakini kikao kilichopita hakipo."

"Marahaba. Ndiyo maana tuiweke, wajumbe wajue kwamba hakipo."

Ikawekwa. Na kwa kuwa agenda ikishawekwa haikosi mchangiaji, mjumbe mmoja akakumbuka viti vya plastiki vilivyoazimwa siku ya mkutano mkuu na havijarudi. Viti vikatuchukua muda mrefu kuliko lengo la mradi, ambalo lilisomwa mara moja, likapigiwa makofi na kuachwa hapo.

Majukumu ndiyo yaliyonitoa jasho. Kijana aliyetumwa na kampuni ya mfumo alikuja na jedwali: kushoto kazi, juu majina yetu, na kila kisanduku kinajazwa neno moja kati ya manne. Anayefanya, anayewajibika, anayeshauriwa, anayepewa taarifa. Wanaofanya wanaweza kuwa wengi, akasema, na wa kushauriwa wakawa wengi zaidi, ila anayewajibika ni mmoja kwa kila kazi, yule ambaye kazi ikilala tutamgongea mlango wake. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Kisha kila mmoja akaomba awekwe kwenye kushauriwa.

Mwenyekiti hakuomba kushauriwa tu, alitaka kushauriwa kwenye mistari yote. Kijana akajaribu kumwonyesha kwamba mtu wa kushauriwa lazima asubiriwe ajibu kabla kazi haijaendelea, na kwamba yeye Mzee husafiri sana, pengine kupewa taarifa kungemtosha. Ukumbi ukanyamaza. Kumwambia mwenyekiti wa Saccos kwamba atapewa taarifa tu, ni kama kumwambia baba wa bwana harusi kwamba atatumiwa picha. Tukamweka kwenye kushauriwa, na dada wa TEHAMA akapenyeza sentensi kwenye tanbihi: asiyejibu ndani ya siku 2 za kazi atahesabiwa kuwa ameafiki. Mzee alisaini bila kuisoma, na sentensi ile imeokoa mengi.

Tukafika kwenye mstari wa "Kusafisha data". Hapo maneno yalitoka laini mno. "Data zitasafishwa," akasema kijana wa kampuni. "Naam, zitasafishwa," akasema Mama Mhasibu. Mwenyekiti akaniambia niandike: ilikubalika kwamba data zitasafishwa. Katika saa zote za kikao hakuna jambo lililopita kwa amani namna ile, na ndiyo iliyonitia shaka. Nikauliza tu niandike nini kwenye safu ya Mhusika.

"Wote," akasema mwenyekiti.

Nikasema Wote simjui, hana namba ya simu. Wakacheka. Kucheka kulipoisha, ikabainika kwamba kampuni ilidhani itapokea faili lililokwisha kusafishwa, na Mama Mhasibu alidhani mfumo unasafisha wenyewe, si ndiyo maana tunaulipia? Kila upande ulikuwa unazungumzia kazi ya upande wa pili, kwa kitenzi ambacho hakina mtendaji. Tangu siku ile nikiona "zitasafishwa", "itaangaliwa" au "litafanyiwa kazi" kwenye muhtasari wowote, nauliza na nani. Vitenzi hivi vya kutendwa vimekula bajeti nyingi kuliko posho za vikao, ingawa posho nazo zinajitahidi.

Hapo tukawa tumeshaingia kwenye dhana bila kujua. Dhana, kwenye lugha ya mradi, ni jambo tunalolichukua kuwa kweli bila kulithibitisha, halafu tunajenga ratiba juu yake. Ya kwetu ilikuwa hii: salio la kila mwanachama kwenye leja linalingana na lililo kwenye Excel. Hakuna aliyeitaja, kwa sababu kuitaja mbele ya Mama Mhasibu kungekuwa utovu wa adabu. Kijana ndiye aliyeitaja, maana hakuwa mwenyeji. Akatupa kipimo chepesi: igeuze dhana yako kinyume, kisha uliza kama mpango bado unasimama. Masalio yasipolingana, je, tunaweza kuhamia tarehe moja ya mwezi? Hatuwezi. Basi dhana hiyo itafutiwe mtu wa kuithibitisha, na tarehe, kabla hatujalipa awamu ya kwanza.

Mama Mhasibu akasema twende tukaangalie sasa hivi, kama hatumwamini. Zikachomolewa kadi 20 kabatini bila kuchagua, tukazilinganisha na Excel, na kwa wanachama waliokuwa karibu tukaomba vitabu vyao. Kadi 17 zililingana shilingi kwa shilingi, na Mama akaniangalia mimi, kana kwamba ndiye niliyetilia shaka. Kadi moja ilipishana kwa sababu mwajiri alikata marejesho ya mkopo mwishoni mwa mwezi na fedha ikaingia benki mwezi uliofuata. Leja ilifuata siku ya makato, Excel ikafuata siku ya benki. Hilo si kosa, ni kanuni mbili zinazoishi nyumba moja, na inabidi kuchagua moja kabla ya kuhama. Ya pili ilikuwa mwanachama mwenye mistari miwili kwenye Excel, mmoja akiitwa kwa jina la baba, mwingine la mume. Wale tuliwatambua kuwa mtu mmoja kwa namba ya NIDA, ile yenye tarakimu 20 inayoanza na tarehe ya kuzaliwa.

Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Leja ilisema 1,530,000, Excel ikasema 1,350,000. Tofauti 180,000. Tukaanza kutafuta malipo ya 180,000 yaliyopotea, mwenyekiti akaanza kutaja polisi. Mama Mhasibu wala hakuinuka. Alibonyeza kikokotoo, akagawa kwa 9, ikatoka 20,000 kamili bila baki.

"Hapa hajaiba mtu," akasema. "Tarakimu zimegeuzana."

Ndivyo ilivyo: tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti lazima igawanyike kwa 9. Isipogawanyika, tafuta sababu nyingine. Ikigawanyika, tazama kwanza 3 na 5 zilizopishana kabla ya kumwita polisi. Kijana wa kampuni akaandika hilo kwenye daftari lake, na kuanzia hapo akawa anamwita Mama, si Madam. Kwenye muhtasari, kusafisha data kukapata mwajibikaji mmoja, Mama Mhasibu, kwa hiari yake, na vibarua wawili chini yake.

Vihatarishi vikafuata, na hapo ndipo niligundua kwamba sisi watu wa Bwana hatuna lugha ya kuzungumzia balaa bila kuikaribisha. Mjumbe wa kwanza alitaja "umeme". Kijana akasema umeme si kihatarishi, umeme ni neno. Kihatarishi kinahitaji chanzo, tukio na athari. Tukahangaika nalo hadi likasomeka hivi: kwa kuwa jenereta yetu inamudu taa na feni tu, umeme ukikatika siku ya kupokea makato, huenda orodha ikaingia nusu, na waliobaki wakaonekana hawajalipa. Likiandikwa hivyo, dawa inajitaja yenyewe: betri ya kuhimili kompyuta moja, na sharti kwamba orodha ama iingie yote ama isiingie kabisa.

Kisha kila kihatarishi kipewe alama, 1 hadi 5 kwa uwezekano, 1 hadi 5 kwa athari, na hizo mbili zizidishwe. Umeme ulipata 4 kwa 4, yaani 16, bila ubishi. Kilichofuata kilikuwa hiki: mtu pekee anayezijua leja ni Mhasibu, akiugua, mradi unasimama.

Mama akaweka kalamu chini. "Mnanitabiria?"

Wajumbe wote wakasema Mungu atuepushie. Mwenyekiti akataka uwezekano uwe 1. Mwingine akasema hata 1 ni kumwombea mabaya, iwe sifuri, na kijana akaeleza kwamba mizani haina sifuri. Tulikwama pale hadi dada wa TEHAMA alipopata njia. Akafuta "akiugua" akaandika "akienda likizo". Mama akafurahi, akakumbuka kwamba ana siku nyingi za likizo hajazichukua, na papo hapo uwezekano ukapanda hadi 5. Dawa ilikuwa ileile: msaidizi akae naye kila Ijumaa, waandike namna anavyofunga mwezi. Balaa lilibadilishwa jina tu, likakubali kuandikwa.

Kanuni za mawasiliano zilipitishwa upesi kwa sababu chai ilikuwa imeshafika na chapati zinapoa. Maamuzi ni kwa barua pepe pekee, wasapu ni ya kukumbushana. Orodha ya wanachama na masalio yao isiwekwe kundini kamwe; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haina mzaha, na mashemeji nao hawana. Anayezungumza na kampuni ni dada wa TEHAMA peke yake. Anayetaka kuongeza chochote kwenye mfumo ajaze fomu ya mabadiliko, ionekane itagharimu siku ngapi na shilingi ngapi kabla ya kukubaliwa. Na nikaongeza kwa mkono wangu: picha za maua zenye maneno ya asubuhi njema zipelekwe makundi ya familia.

Kesho yake alfajiri ua la kwanza liliingia. Usiku ukaingia ujumbe wa sauti wa mwenyekiti, mrefu, nusu yake salamu, ukimwagiza kijana wa kampuni moja kwa moja aongeze "kakitufe kadogo tu" cha michango ya rambirambi, kwani kazi yenyewe si ya nusu saa? Kijana, ambaye sasa alikuwa anatufahamu, hakujibu. Dada wa TEHAMA alijibu kwa shikamoo na fomu namba 1.

Sifa ya Mzee wetu ni kwamba sheria akishaisaini huitii, hata kama hakuisoma. Aliichapisha fomu, akaijaza kwa kalamu ya bluu, akaileta mwenyewe ofisini. Gharama aliandika "ndogo". Muda, "mara moja". Palipoulizwa athari iwapo ombi halitatekelezwa, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MUNGU ATUEPUSHIE.