Hesabu Inayoanzia Mkiani

Kidole cha binadamu hakiaminiki. Kipe tarakimu 15 kiziandike kwenye fomu, kitakosea moja au kitapishanisha mbili zilizo jirani, kisha mwenye kidole aape kwamba mtandao ndio mbovu. Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, hakutaka kubishana na vidole. Mwaka 1954 aliomba hataza ya kifaa cha mkononi cha kukagua namba, akaipata mwaka 1960, na kanuni yake ndiyo inayokagua hadi leo namba za kadi za benki na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu inayojitokeza ukibonyeza *#06#. Ninavyoona mimi, kila hatua ya kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu ya kidole, na mwandishi wa programu anayeiona hatua fulani kuwa pambo tu ndiye atakayemfukuza mteja asiye na kosa.

Tuchukue IMEI inayopenda kutumiwa kwenye mifano, 490154203237518. Ile 8 ya mwisho ni tarakimu ya ukaguzi, iliyochaguliwa makusudi ili hesabu ikae sawa. Tunaanzia hapo na kurudi nyuma. Ya kwanza tunaiacha ilivyo, ya pili tunaizidisha mara mbili, ya tatu tunaiacha, ya nne tunaizidisha, hadi tumalize. Jibu likipita 9 tunapunguza 9, kwa hiyo 7 inakuwa 14 na kubaki 5. Zilizoachwa zinatoa jumla ya 30, zilizozidishwa nazo 30, na 60 inagawanyika kwa 10 bila baki. Namba imepita. Sasa kidole kikipishanisha ile 37 iliyo karibu na mwisho ikawa 73, jumla inapanda hadi 65, na fomu inagoma papo hapo. Kujumlisha tu tarakimu zote kusingeliona kosa hilo, maana 3 na 7 zina jumla ileile hata zikipishana. Kuzidisha moja na kuiacha jirani yake ndiko kunakozitofautisha.

Kwenye Python kazi yote ni mistari michache:

```python
def sahihi(namba):
    jumla = 0
    for i, t in enumerate(reversed(namba)):
        t = int(t)
        if i % 2 == 1:
            t *= 2
            if t > 9:
                t -= 9
        jumla += t
    return jumla % 10 == 0
```

Hapa watu wa njia za mkato huuliza: kwa nini tugeuze namba, na sisi husoma kutoka kushoto? Basi anzeni kushoto, mzidishe ya kwanza, ya tatu na kuendelea. Kadi ya tarakimu 16 itapita vizuri kabisa, programu itasifiwa, na aliyeiandika atakwenda zake kunywa chai. Kisha itakuja IMEI yetu yenye tarakimu 15, jumla itoke 57, na simu halali iambiwe ni batili. Kadi za American Express, ambazo nazo zina tarakimu 15, zitapata aibu hiyohiyo mbele ya keshia. Ni kweli kwamba unaweza kuanzia kushoto ukipima kwanza kama urefu ni shufwa au witiri, lakini hiyo ni kuzunguka nyumba nzima kuutafuta mlango uliokuwa umesimama mbele yako. Ukianzia mkiani, urefu haukusumbui.

Wengine huona kupunguza 9 ni urembo, kwa kuwa tunachojali ni baki ya 10 peke yake. Waiondoe hatua hiyo waone: 1 ikizidishwa ni 2, na 6 ikizidishwa ni 12, ambazo baki yake ni ileile. Aliyeandika 6 mahali pa 1 atapita akipiga mluzi. Ukipunguza 9, tarakimu zote kumi zinatoa majibu kumi tofauti, na kosa la tarakimu moja halina pa kujificha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwizi naye anajua kujumlisha, hivyo anaweza kutunga namba inayopita. Anaweza, tena bila jasho. Kujua kama namba hiyo ilitolewa kweli ni kazi ya benki na kumbukumbu zake. Hata vidole vyenyewe vina mwanya. Pishanisha ile 90 ya mwanzoni mwa IMEI yetu iwe 09, jumla inabaki 60, kwa sababu 9 ikizidishwa inarudi kuwa 9 na 0 inabaki 0. Ila mwanya unaonichekesha zaidi uko kwenye mistari yetu hapo juu: ipe sifuri 16, itasema ni sahihi. Ipe fomu tupu, jumla ni 0, na 0 inagawanyika kwa 10, basi nayo ni sahihi. Asipokagua mtu urefu wa namba kabla ya kufika kwenye kitanzi, aliyekosea tarakimu moja atarudishwa, na ambaye hakuandika kitu ataambiwa karibu.