Nzuri Sana, Endelea Hivyo

Mimi sikuomba kusoma rasimu ya mtu. Nina mahema mawili na viti vya plastiki 120 ninavyokodisha hapa Jinja kwa harusi na matanga, na nilijiandikisha kwenye kozi ya biashara ya Jumamosi kwa sababu moja tu: binti yangu alichoka kuniandikia ankara. Nilidhani tutafundishwa kuhesabu pesa, tunywe chai, twende nyumbani. Kumbe kuna kazi za kuandika. Na ukishaandika yako, unapewa na ya mwenzako.

Mhadhiri alitugawia rasimu za mipango ya masoko kama karata, kila rasimu kwa wasomaji wawili. Akasema kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa maoni, yawe ya upole, mahususi na yenye msaada. Vitu vitatu kwa mpigo! Ndoa yangu ina miaka 26 na bado tunahangaika na hicho cha kwanza.

Maoni ya kwanza juu ya rasimu yangu yaliwahi kufika, kwa sababu hayakuwa na uzito wa kuyachelewesha. Yalisema: “Nzuri sana, endelea hivyo.” Basi. Nilikesha siku nne nikiandika mpango ule, na mwenzangu ananiambia niendelee. Niendelee wapi? Hata utingo wa taksi akikwambia endelea mbele, anakuonyesha kiti.

Mimi nikaangukiwa na rasimu ya Mama Kahawa. Huyu hutoka Mbale alfajiri, anapita Tirinyi na Iganga ndani ya taksi iliyojaa, na bado anafika darasani kabla yangu, mimi ninayetumia dakika kumi za boda. Anataka kuleta Jinja kahawa ya Bugisu, ile arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akiwa ameikaanga, ameisaga na kuitia kwenye pakiti za gramu 250. Kurasa 23. Jalada lina picha ya rangi ya genge la Wanale. Niliona wivu hata kabla ya kufungua.

Kufika ukurasa wa 2 wivu ukaisha. “Walengwa wetu ni wakazi wote wa Jinja wenye umri kati ya miaka 18 na 65.” Ukurasa wa 5: “Hatuna washindani.” Nikachukua kalamu nyekundu kwa furaha ambayo sijivunii. Nikaandika kwamba mpango huu ni ndoto, kwamba mwandishi hajui soko, na kwamba picha ya jalada ndiyo sehemu pekee yenye ukweli. Nikamsomea mke wangu kwa sauti, nikingoja acheke.

Hakucheka. Yeye anauza mukene na samaki wakavu katika soko kuu, na ana namna yake ya kuniangalia juu ya miwani. Akaniuliza, “Sasa huyo mama akishamaliza kulia, afanye nini Jumatatu?”

Sikuwa na jibu. Akanieleza jinsi wanavyofanya sokoni. Jirani yake wa meza akiwa na samaki walioanza kunuka, hamwambii kwamba samaki wake wameoza, maana wateja watasikia na meza zote mbili zitakufa. Wala hamwambii kwamba samaki wake ni wazuri sana, aendelee hivyo. Anamwambia, “Dada, hawa watatu wa kushoto waondoe kabla jua halijapanda. Hao wengine wako sawa.” Ni wangapi, wako wapi, afanye nini, lini. Kisha anarudi kuuza wake. Miaka yote hiyo ninalipa karo, kumbe mhadhiri nimemwoa.

Nikairudia rasimu, safari hii bila kalamu nyekundu, na hapo ndipo nilipokutana na ukurasa wa 9, ambao mara ya kwanza niliuruka. Mama Kahawa alisimama nje ya maduka matatu ya Mbale, Jumamosi mbili, akihesabu wanaotoka na kahawa na kuwauliza wanaipikaje. Alikuwa na idadi zake kwenye jedwali dogo lililokaa kinyonge chini ya ukurasa, huku kurasa tatu nzima zikiwa zimepewa dira, dhamira na maadili ya kampuni.

Kisha nikatoa kikokotoo, kwa sababu kuna jambo kwenye ukurasa wa 14 lilikuwa linanikereketa. Hiki ndicho nilichoandika mwishowe:

“Mama Kahawa, salamu. Nimeuelewa mpango wako hivi: unataka kuuza pakiti 600 kwa mwezi hapa Jinja kupitia maduka, ukijitangaza redioni. Kama sivyo ulivyokusudia, basi hilo ndilo la kwanza kurekebisha, na maoni yangu yaliyobaki uyasome kwa tahadhari.

“Ukurasa wa 9 usiuguse, ila uusogeze mbele. Ndipo penye kitu ulichokiona kwa macho yako. Fanya hesabu ileile hapa Jinja Jumamosi moja, kisha urudi kwenye ukurasa wa 2 uandike upya walengwa. Mimi nina umri unaoutaka na ninaishi Jinja, lakini kwangu asubuhi ni chai ya maziwa. Mwaka jana nilinunua kahawa ya kusagwa, nikaitia kikombeni kama ile ya kuyeyuka, nikaitafuna. Sina chujio wala birika lake. Kwa hiyo mshindani wako kwangu ni majani ya chai, na si kahawa nyingine. Nyumba za wageni na migahawa ya watalii wanaokuja kuona chanzo cha Nile tayari wana vyombo na wateja wanaoiagiza. Je, si hao wa kuanza nao?

“Ukurasa wa 14 ndio unaonitia hofu. Umeandika kwamba kilo moja ya kahawa mbichi ya shilingi 16,000 inatoa pakiti nne, yaani shilingi 4,000 kwa pakiti. Lakini kahawa ikikaangwa inapoteza maji na uzito. Ukiikaanga iwe nyeusi kama ulivyoeleza, kilo yaweza kubaki karibu gramu 800. Hizo ni pakiti tatu na kidogo, kwa hiyo kahawa ya kila pakiti inakugharimu 5,000. Pima kikaango chako mwenyewe, kabla na baada, utumie namba yako badala ya yangu. Ukiongeza 3,500 zako za mfuko, lebo, kukaanga, kusaga na usafiri, tunafika 8,500.

“Bei ya 12,000 ni ya rafuni. Mwenye duka naye ana watoto. Akinunua kwako kwa 10,000, wewe unabaki na 1,500 kwa pakiti, wala si 4,500 kama ilivyo kwenye jedwali lako. Sasa weka matangazo ya redio ya 1,800,000 kwa mwezi. Kwa hesabu yako yalilipwa na pakiti 400. Kwa hesabu hii yanahitaji pakiti 1,200, na umepanga kuuza 600. Redio itakunywa kahawa yote.

“Ningekuwa wewe, wiki hii ningefanya mambo mawili tu: kupima kikaango, na kuuliza maduka matatu ya Jinja watanunua kwa bei gani. Redio ingoje majibu hayo. Makosa ya tahajia nimeyaacha, maana kurasa hizo huenda ukazifuta.”

Mke wangu akasoma. Akafuta maneno “unaonitia hofu”, akaandika “unaohitaji kuangaliwa kwanza”. Akasema hofu ni yangu, nibaki nayo nyumbani. Sentensi ya redio kunywa kahawa akaiacha, ila alisema mhadhiri hataipenda. Kweli, mhadhiri aliipigia mstari.

Jumamosi iliyofuata nilikaa nyuma, karibu na mlango, kama mtu aliyerusha jiwe gizani. Mama Kahawa akaja moja kwa moja. “Mulembe, Mzee wa Viti,” akasema, maana Wagisu hawakugombezi bila kukusalimu. Akanieleza kwamba alipima kikaango. Kilo moja ilitoka na gramu 810. Alipima mara tatu akitumaini nitaaibika. Kisha akanirekebisha pia: nyumba za wageni alizouliza hazitaki iliyosagwa, zinataka punje nzima kwa kilo, na zinauliza tarehe ya kukaangwa. Kwa hiyo mfuko wa gramu 250 wenye picha ya Wanale haziuhitaji kabisa. Hilo sikulijua, na kwenye ukurasa wangu mmoja uliojaa busara halikuwemo.

Halafu akatoa karatasi. Kumbe msomaji wa pili wa rasimu yangu alikuwa yeye.

Mpango wangu, niseme kwa kifupi, ulikuwa wa kupanua biashara hadi Mbale. Kila mtu anajua Wagisu wakifanya imbalu, sherehe ya kutahiri vijana, watu hufurika, ngoma hulia, na kila boma linalopokea wageni linahitaji mahali pa kuwakalisha. Uzinduzi hufanyika Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale, mwezi wa Agosti. Nikapanga kukodi lori, kununua viti vingine 200 kwa mkopo, na kufika huko na kila kitu Agosti 2027. Nilikuwa nimechora hata grafu ya mapato, mstari wake ukipanda kama Elgon yenyewe.

Maoni yake yalikuwa mistari mitano. Alianza kwa kusema kwamba hesabu yangu ya viti vinavyovunjika kwa mwezi ni ya mtu anayeijua kazi yake, niiache ilivyo. Kisha: “Ukurasa wa 6. Imbalu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. 2027 haigawanyiki. Sogeza mkopo, usiusaini sasa. Na kabla ya lori, uliza bei ya watu wa mahema walioko Mbale. Nitakupeleka kwa wawili.”

Nilisoma mara mbili. Viti 200, lori, mkopo wenye riba, halafu mimi niko Mutoto Agosti nzima, nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikimngoja mtahiriwa ambaye atakuja mwaka unaofuata. Na yule wa kwanza alikuwa ameusoma ukurasa huohuo wa 6 akaniambia niendelee hivyo.

Mkopo sijasaini. Kahawa nimenunua kilo moja ya punje, kwa bei ya jumla, na sasa nyumbani tunatafuta wa kutuazima mashine ya kusagia.