Maonyo kwa Mjukuu Anayepelekwa Pemba Wakati wa Karafuu

Mjukuu wa mjini anayeshuka bandarini Mkoani mwezi wa Novemba na ajue mapema kwamba hakuitwa kupumzika. Karafuu zimechumwa, majamvi yametandikwa uani, na bibi anataka macho ya kijana ya kumsaidia kutazama mbingu. Karafuu mbichi zinataka kama siku nne au tano za jua zuri. Zikirowa kabla hazijakauka, kisha zikarundikwa, zinapata moto, zinachacha na kuwa mpeta, na bei ya mpeta inatia uchungu. Kwa hiyo kila magharibi swali ni lile lile: kesho tuanike au tusianike?

Kwanza, usitoe simu. Itakwambia "mvua, asilimia 60", na bibi atauliza, "Mvua ya nani?" Usicheke, kauliza la maana. Mvua ya vuli kisiwani mara nyingi hutoka kwenye wingu moja moja. Konde watarowa chapachapa na Wete wasione hata tone. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa anaisikiliza redioni kila siku, na kwa hiyo anajua kama juma hili lina maji. Ila jamvi lake halikutajwa.

Pili, usinyooshe kidole juu ukasema mawingu yanaenda kule. Utapelekwa chini ya mnazi. Egemeza kisogo kwenye shina, tuliza shingo, chagua kipande kimoja cha wingu ukifuate kinapopita ncha ya kuti. Usipokuwa na kitu kilichosimama cha kupimia, jicho litakudanganya. "Haya, mume wangu," atasema (usione haya, huo ndio utani wa bibi na mjukuu wake), "latoka wapi? Na lile la juu yake, lafuata njia hiyo hiyo?" Ukijibu kwa kubahatisha atajua, kwa sababu yeye ameshatazama.

Novemba ni tanga mbili: kusi imekwisha, kaskazi haijashika sawasawa. Pepo kubwa zikilegea, pepo ndogo za kila siku ndizo zinazotamba. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko bahari, hewa hupanda, na mawingu hujijenga juu ya kisiwa. Usiku nchi hupoa, umande huvuma kuelekea baharini, na mawingu mapya huanza kupanda huko huko majini. Mjukuu asiyelijua hili huona nyota saa mbili usiku akadhani kazi imekwisha.

Chukua jioni moja ya namna hiyo. Mawingu ya mchana yamesinyaa, mbingu nyeupe, mjukuu ameshajinyoosha barazani. Bibi anamaliza isha, anakaa kidogo, anasema: "Kusanya." Mjukuu anamwonyesha nyota. Bibi anamwonyesha mgomba, ambao majani yake hayatikisiki. Umande haukuvuma, na joto la mchana bado limekaa uani. Kisha anamgeuza mashariki. Kule upeoni mawingu yamesimama wima kama minara, na yanamulika kwa ndani bila sauti. Ngurumo ni nadra kusikika ikipita kilomita 20 hivi, kwa hiyo wingu hilo bado liko mbali. Lakini vipande vya chini vinavyopita mnazini vinatoka upande huo huo, vimebebwa na matlai. Kama liko kilomita 80, nalo linakuja kwa mwendo wa baiskeli, kilomita 10 hivi kwa saa, litabisha hodi karibu na alfajiri.

Saa kumi usiku upepo wa baridi unaingia ghafla dirishani. Hiyo ni hewa inayoporomoka pamoja na mvua kutoka winguni na kutangulia mbele yake. Anayesubiri upepo huo ndipo akunje majamvi atakunja maji.

Sasa onyo kubwa kuliko yote. Iko siku bibi atasema mvua, mtakusanya, na kutapambazuka jua kali. Usimwambie amekosea. Muulize: "Bibi, imenyesha wapi?" Atasema Konde, na shangazi wa Konde akipigiwa simu mara nyingine atakiri. Mara nyingine wingu lilifia baharini, jambo ambalo mnazi hauwezi kukuonyesha. Ndiyo maana hukumu ya magharibi huangaliwa upya alfajiri: nyasi zikiwa na umande mzito, usiku haukuwa na wingu la kuzifunika, na jamvi linaweza kutoka. Duara kuzunguka mwezi bibi halihesabu. Hutokana na chembe za barafu kwenye wingu jembamba la juu sana, ambalo huenda limetawanyika kutoka kwenye dhoruba ya mbali isiyo na habari na Pemba.

Elimu hii usiipeleke Dodoma, ambako hakuna bahari ya kuivumishia umande. Na ukirudi mjini, watu wakisikia ulikuwa kwa bibi, usikubali kumtabiria mtu harusi, hasa ya uwanjani, alasiri, mwezi wa Aprili. Hiyo ni masika. Mwambie akakodi turubai.