Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: kamisheni ya pilau na moto wa jiko moja

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naomba radhi kwa kukuchukulia muda wako, nami nakushukuru kwa dhati: bila kampuni yako ya kupeleka oda za chakula, pilau ninayoipikia nyumbani Kisauni isingefika ofisi za Moi Avenue ingali moto.

Kwa idhini yako, nikuwekee hesabu ya sahani moja. Naiuza shilingi 500. Mchele, nyama, viungo na mafuta ni 200, kachumbari na kifungashio 35, gesi 20. Jumla 255, kabla sijamlipa binti anayenisaidia. Kamisheni yenu ya asilimia 30 ni 150, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, yaani 24. Hunibakia shilingi 71, nami sinung'uniki.

Washauri huniambia nipandishe bei kwa asilimia 30 ili nifidie. Haitoshi, Mheshimiwa, kwa kuwa kamisheni hukatwa kwenye bei mpya nayo. Ili nipate 500 kamili baada ya makato ningelazimika kuuza karibu 767, na kwa bei hiyo karani wa bandarini hanunui pilau.

Linaloniumiza ni ofa. Mteja akipunguziwa asilimia 20 hulipa 400, na punguzo hilo nalibeba mimi. Lakini kamisheni bado mnaihesabu kwenye 500. Mkishakata 174 napokea 226, na sahani imenigharimu 255. Kila sahani ya ofa naisindikiza na shilingi 29 zangu, na siku ya ofa ndiyo siku ya oda nyingi. Nakusihi, kamisheni ihesabiwe kwenye fedha aliyotoa mteja. Hapo ningebakiwa na karibu shilingi 6. Ni kidogo, ila si hasara.

La pili, kwa unyenyekevu uleule, ni moto. Sufuria yangu inabeba kilo nne za mchele, sahani 32 hivi. Tangu vitunguu vianze kukaangwa hadi pilau ikauke vizuri ni zaidi ya saa nzima, na haiharakishwi: ukifunua mapema, mchele wa juu unabaki na kiini. Saa saba kasoro oda ya 33 ikiingia, kijana wa boda anasimama mlangoni, dakika zinahesabiwa, na lawama inaniangukia. Nikizima oda ili nipumue, jina langu linashushwa chini kwenye orodha, na jioni simu haiiti.

Programu yenu inanipa kufungua au kufunga tu. Tafadhali, Mheshimiwa, niruhusiwe kuandika idadi ya sahani ninazoziweza kwa kila nusu saa, na zikiisha mteja aone muda wa sufuria inayofuata, bila mimi kuadhibiwa. Ukiridhia, niko tayari jikoni kwangu pawe pa kujaribia.

Wako kwa heshima na taadhima,
Mpishi wa pilau, Kisauni, Mombasa