Karibuni ya Mangi

Katika maduka ya mtaani ya Dar es Salaam, ambako daftari la madeni, yaani kitabu cha wanaokopa bidhaa hadi mwisho wa mwezi, hukaa kando ya mizani, urefu wa "karibuni" hutegemea nani anadai. Mteja mmoja, aliyelipia mtungi wa gesi asubuhi akaambiwa utafika karibuni, alirudi saa kumi jioni, maharage yake yakiwa yameiva nusu, akashikilia kwamba karibuni haizidi nusu saa. Muuzaji, bila kuinua macho, alifungua daftari akamsomea kilo mbili za sukari ya Ramadhani, zilizoahidiwa kulipwa karibuni. "Hiyo ni karibuni nyingine, mangi," alijibu mteja. Gesi ilifika kesho yake, sukari haijalipwa.